Kwa nini orodha yako ya mambo 10 ina mambo 5 tu: dalili, vyanzo na matengenezo

Rasimu tutakayoifungua hapa ni ya aina ambayo kampuni za utalii na waandishi wa kujitegemea wa Moshi na Arusha huziandika mara kwa mara. Kichwa chake ni "Mambo 10 ya kufanya ukiwa Moshi kwa siku moja", na vipengele vyake ni hivi:

1. Tembelea maporomoko ya Materuni
2. Fanya ziara ya kahawa
3. Jifunze utamaduni wa Wachaga
4. Ogelea Chemka
5. Panda Mlima Kilimanjaro
6. Tembelea Ziwa Chala
7. Fika Marangu
8. Onja vyakula vya Kichaga
9. Piga picha za kumbukumbu
10. Furahia ukarimu wa watu wa Moshi

Kila kipengele kina aya moja ya maneno kama 60 na picha moja. Kwa mbali inapendeza. Sasa mfikirie msomaji aliyeshuka stendi ya Moshi Ijumaa jioni, kesho yake ni siku yake pekee ya mapumziko, na Jumapili anarudi kazini Dodoma. Akimaliza kusoma yote kumi, bado hajui asubuhi apande gari la kwenda wapi. Huo ndio ugonjwa. Kosa la kawaida ni kuutibu kwa kuongeza maneno kwenye kila aya, wakati chanzo kiko kwenye vipengele vyenyewe.

Dalili ya kwanza: vipengele viwili au vitatu vinakupeleka sehemu moja

Anza na namba 1, 2 na 3. Maporomoko ya Materuni yako juu ya kijiji cha Materuni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro upande wa juu wa mji wa Moshi. Mgeni anapanda gari hadi kijijini, anatembea kati ya migomba na mibuni hadi kwenye maporomoko, kisha anarudi kijijini na kukaribishwa kwenye boma la mkulima. Hapo anaoneshwa buni inavyomenywa, inavyokaushwa, inavyotwangwa kwenye kinu, inavyokaangwa na kuchemshwa, huku wenyeji wakiimba. Maporomoko, kahawa na "utamaduni" ni safari moja, gari moja, mwongozaji mmoja na nusu siku moja. Rasimu imeikata mara tatu.

Hili hutokea kwa sababu mwandishi amegawanya mada kwa maneno yake mwenyewe. Ana neno "maporomoko", ana neno "kahawa", ana neno "utamaduni", kwa hiyo anaona vitu vitatu. Msomaji hagawanyi hivyo. Yeye anagawa kwa maamuzi: niende huku au kule, nitoke saa ngapi, nivae nini.

Njia ya kulikamata ni kuchora jedwali kabla ya kuandika aya yoyote. Kila kipengele kipewe mstari wake, na kila mstari uwe na visanduku vinne: unakwenda wapi, inachukua muda gani, inamfaa nani, na nini kinaweza kuiharibu safari. Jaza kwa maneno machache tu. Namba 1, 2 na 3 zitajaza visanduku kwa majibu yaleyale: Materuni, nusu siku, anayeweza kutembea kilima, utelezi wakati wa masika. Mistari miwili ikifanana kwenye visanduku vitatu au zaidi, una kipengele kimoja kilichovaa nguo mbili.

Matengenezo ni kuviunganisha, lakini si kwa kubandika aya tatu pamoja. Chukua sentensi moja iliyo bora kutoka kila moja na utupe zilizobaki. Kwenye maporomoko, kinachohitajika ni kwamba njia ya kwenda ni ya miguu, huchukua kama dakika 40 hadi saa moja kulingana na mwendo wako, na kati ya Machi na Mei udongo huwa na utelezi kiasi kwamba viatu vya soli laini havifai. Kwenye kahawa, kinachohitajika ni kwamba hatua zote za usindikaji zinafanyika mbele yako, ila kuchuma buni mwenyewe kunategemea msimu, na mavuno ya Kilimanjaro huangukia zaidi nusu ya pili ya mwaka. Kwenye utamaduni, kilichobaki baada ya kutoa sifa za jumla ni jina la boma na nyimbo za kutwanga, na hizo zimeshaingia kwenye kahawa. Aya tatu zimekuwa moja, na ile moja ina uzito kuliko zile tatu.

Kuna wakati kugawanya ni halali. Jiulize: je, mtu anaweza kukichagua kimoja akakiacha kingine, na uamuzi huo ukabadilisha siku yake? Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori na ya Ndoro. Kwa makala ya siku moja kutoka Moshi, hayo ni mapumziko mawili ndani ya kipengele kimoja. Kwa makala ya "Marangu bila kupanda mlima", iliyoandikiwa mtu atakayelala huko siku mbili, yanaweza kusimama peke yake, mradi aya zake zisirudie neno moja. Kipimo kinatoka kwenye swali la kichwa. Hakuna ukubwa maalumu wa kipengele unaofaa makala zote.

Dalili ya pili: badilisha jina la mji na hakuna kinachoharibika

Chukua namba 10 usome aya yake ukiweka "Lushoto" mahali pa "Moshi". Kisha weka "Tukuyu". Kama kila sentensi bado ni ya kweli, aya hiyo haisemi lolote kuhusu Moshi. Namba 9 inaanguka kwenye jaribio hilohilo, na hapa hakuna la kurekebisha. Zifute zote mbili.

Chanzo karibu kila mara ni kwamba namba ilipangwa kabla ya vitu kukusanywa. Mwandishi aliandika "10" kwenye kichwa, akafika 8, akabaki na nafasi mbili za kujaza usiku wa kuwasilisha. Ndiyo maana vipengele vya kujazia hupenda kukaa mwisho, au katikati pale msomaji anapochoka. Ukipokea rasimu ya mtu mwingine na una dakika tano tu, anza kukagua namba mbili za mwisho, kisha zile za katikati.

Namba 8 inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ikiwa na jina la "vyakula vya Kichaga" inaonekana ni ya mahali. Soma ndani: "Vyakula vya Kichaga ni vitamu na vya asili, usikose kuvionja." Badilisha "Kichaga" uweke "Kihehe" na sentensi inasimama vilevile. Tofauti na namba 9 na 10, hii ina nyama chini ya ngozi, ila mwandishi hakuifikia. Mtori ni supu nzito ya ndizi na nyama zilizochemshwa zikapondwa. Kiburu ni ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na hunywewa ikiwa mpya. Haikai siku nyingi kama bia ya kiwandani, kwa hiyo huwezi kuamua kuibeba Dodoma kama zawadi. Hiyo taarifa ya mwisho inambadilishia msomaji uamuzi, na ndiyo ya kubaki.

Hata baada ya kupata nyama, bado kuna swali: hiki ni kipengele au ni undani wa kipengele kingine? Mtu hatoki hotelini saa mbili asubuhi kwenda "kwenye vyakula vya Kichaga". Anakwenda Marangu au Materuni, na mchana anakula. Kwa hiyo mtori na mbege vinahamia kwenye aya ya Marangu, pale unapoeleza saa ya chakula. Uhamisho wa namna hii ndio unaookoa kazi nyingi. Waandishi wengi wana vitu vizuri walivyovipandisha cheo kuwa vipengele, wakati thamani yake ilikuwa ndani ya kipengele kingine.

Dalili ya tatu: kipengele kinavunja sharti la kichwa

Namba 5 inasema upande Mlima Kilimanjaro. Kichwa kinasema siku moja. Uhuru ni mita 5,895, na hata njia ya Marangu, ambayo ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, huuzwa kwa siku tano au sita. Msomaji anayejua hili ataacha kuiamini orodha nzima akifika hapo. Asiyejua atapiga simu kwa wakala akiuliza bei ya "kwenda juu na kurudi leo".

Chanzo ni hofu ya kuacha jina kubwa. Mwandishi anahisi makala ya Moshi bila Kilimanjaro itaonekana ina pengo, na hisia hiyo ni sahihi kwa nusu: mlima unapaswa kuwemo, ila kwa umbo linaloingia ndani ya sharti. Umbo hilo lipo. Mtu anaweza kuingia lango la Marangu asubuhi, akapanda msituni hadi kibanda cha Mandara kwenye mita 2,720, akasogea hadi kreta ya Maundi iliyo karibu na hapo, akarudi langoni kabla ya jioni. Kupanda tu, bila kuhesabu kurudi, huchukua kama saa tatu kwa mtu wa kawaida. Lazima awe na mwongozaji na alipe ada ya hifadhi ya siku moja. Katika kipengele hiki kilichotengenezwa upya, sentensi ya maana zaidi ni ile inayosema wazi kwamba hutafika kileleni na hutakanyaga theluji, utakachopata ni msitu wa mvua na mandhari ya juu yake. Iandike mapema, ikiwezekana sentensi ya pili, ili asiyeitaka safari ya namna hiyo aruke kipengele bila kupoteza muda.

Ziwa Chala, namba 6, linapita kwenye sharti lakini kwa shida, na shida hiyo lazima ionekane kwenye aya. Ni ziwa la kreta lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, upande wa Rombo. Safari yake inakula siku nzima, haiunganiki na Materuni wala Chemka. Rasimu iliweka Chala na Chemka kama vitu viwili vya "maji mazuri" vinavyokaribiana, na msomaji akadhani atavifanya vyote. Kumbe viko pande mbili tofauti za mji: Chemka unakwenda kama unaelekea Arusha, Chala unakwenda kama unaelekea Himo na mpakani.

Hapo ndipo kosa kubwa la rasimu nzima linajitokeza. "Mambo ya kufanya kwa siku moja" kunamfanya msomaji aone ratiba, yaani afanye hili kisha lile. Vitu vyenyewe ni vya kuchagua, yaani hiki au kile. Orodha ya ratiba na orodha ya uchaguzi haziandikwi kwa namna moja. Ya kwanza inafuata saa. Ya pili inahitaji kila kipengele kijitofautishe na vingine, na kila aya iseme nani asikichague. Badilisha kichwa kiseme ukweli: "Safari 5 za siku moja kutoka Moshi, na jinsi ya kuchagua moja". Tano hizo ni Materuni, Chemka, Marangu, Chala, na Mandara.

Dalili ya nne: vipengele ni sahihi ila vyote vina sura moja

Baada ya kukata na kuunganisha, unaweza kubaki na vipengele vitano halali ambavyo bado vinachosha. Dalili yake ni kwamba kila aya ina mwanzo mmoja ("Hapa ni mahali pazuri pa..."), urefu mmoja na mwisho mmoja ("Usikose!"). Hii ni aya ya Chemka kama ilivyokuwa kwenye rasimu:

"Chemka ni chemchemi maarufu ya maji moto iliyopo mkoani Kilimanjaro. Ni mahali pazuri pa kupumzika na familia au marafiki. Maji yake ni masafi na yanavutia sana. Unaweza kuogelea na kupiga picha. Usikose kufika Chemka!"

Tatizo la kwanza ni kosa la ukweli: jina limemdanganya mwandishi. Maji ya Chemka hayachemki, ni ya uvuguvugu tu. Msomaji anayetafuta maji ya moto ya kupunguza maumivu ya viungo atafika akiwa na hasira. Tatizo la pili ni kwamba sentensi nne kati ya tano zinaanguka kwenye jaribio la Lushoto. Aya hii haikuandikwa na mtu mvivu lazima. Mara nyingi huandikwa na mtu ambaye hana data za mahali, kwa hiyo anajaza kiunzi alichokitumia kwenye aya iliyotangulia.

Tiba ni kurudi kwenye lile jedwali na kuuliza kisanduku kipi cha mstari huu ni tofauti kabisa na mistari mingine minne. Kwa Chemka, tofauti ni kwamba hii ndiyo safari pekee kati ya tano isiyohitaji miguu imara. Aya ianzie hapo:

"Kama kuna mzee au mtoto mdogo kwenye msafara, chagua Chemka, kwa sababu hakuna kilima cha kupanda. Wengine wanaiita Kikuletwa. Licha ya jina, maji si ya moto. Ni vuguvugu, na ni meupe kiasi cha kuona mizizi ya miti chini. Unaiacha lami Boma Ng'ombe na kuingia barabara ya vumbi, ambayo mvua ikinyesha inakuwa tope, kwa hiyo wakati wa masika ulizia hali yake kabla ya kuondoka na gari dogo. Jumamosi na Jumapili watu hujaa. Ukiweza, nenda siku ya kazi, asubuhi. Asiyejua kuogelea asijirushe kwa kamba, kina ni kirefu."

Ni ndefu kuliko ya mwanzo, na hilo halina ubaya, kwa sababu kila sentensi inamwongoza mtu kufanya au kuacha kitu. Aya ya Chala inaweza kuwa fupi kwa nusu, kwa kuwa la kusema ni mawili tu: inakula siku nzima, na inamfaa anayetaka utulivu kuliko shughuli. Usirefushe ya Chala ili ifanane na ya Chemka. Usawa wa urefu ndio unaozalisha "usikose" na "pazuri sana".

Kwa kukagua, chapisha rasimu au ifungue kwenye simu, kisha pigia mstari kila sentensi ambayo msomaji akiijua atabadilisha saa ya kutoka, viatu, gari, fedha anazobeba au watu anaokwenda nao. Kipengele chenye mistari miwili au zaidi kinabaki. Chenye mmoja kinatafutiwa cha pili au kinaunganishwa na kingine. Kisicho na mstari kinafutwa, hata kama picha yake ni nzuri.

Mpangilio, pale namba inapotoa maana isiyokusudiwa

Hili ni fupi. Msomaji akiona 1 hadi 5 anadhani 1 ni bora. Kama hukuvipanga kwa ubora, sema kwenye aya ya utangulizi umevipanga kwa nini. Kwa mfano huu, mpangilio unaofaa ni wa nguvu zinazohitajika: Chemka, Marangu, Materuni, Chala kwa urefu wa safari, na Mandara mwisho. Hivyo msomaji akifika kwenye kipengele kinachomshinda anajua kwamba vinavyofuata navyo vitamshinda, anarudi juu.

Mteja anasisitiza lazima ziwe 10

Hali hii ni ya kawaida, hasa pale bei ya makala ilipangwa kwa idadi ya vipengele. Usijibu kwa kurudisha namba 9 na 10 za zamani. Kinachoweza kupanuliwa kihalali ni sharti la kichwa. Badala ya "kutoka Moshi", weka "kutoka Moshi au Arusha", kisha ujaze jedwali upya.

Upande wa Arusha unapata Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye maziwa ya Momella na kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi. Unapata Ziwa Duluti pale Tengeru, la kuzunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Unapata Meserani, penye bustani ya nyoka, kwenye barabara ya kutoka mjini kuelekea Makuyuni. Unapata pia Makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na Makumbusho ya Elimu Viumbe kwenye Boma la Wajerumani. Haya mawili yako mjini, mtu huyafanya siku moja, kwa hiyo ni mstari mmoja. Nne, ukijumlisha na tano za Moshi, ni tisa.

Mpe mteja tisa na jedwali lililojazwa, umwoneshe kisanduku kwa kisanduku kwamba hakuna mstari unaojirudia. Mweleze pia kwamba kwa upanuzi huu kila kipengele sasa lazima kianze na mji wa kuondokea, kwa sababu Duluti ni jirani kwa aliyelala Arusha na ni safari kwa aliyelala Moshi. Akija na jambo la kumi linalojaza mstari mpya, liingize. Kama halijazi, kichwa kinasoma 9.

Jambo la mwisho ni la kiufundi na husahaulika. Usiweke namba kwenye anwani ya ukurasa. Anwani kama hii inakufunga:

```
/mambo-10-ya-kufanya-moshi
```

Vipengele viwili vikifutwa mwakani kwa sababu barabara imefungwa, utabaki na anwani inayosema 10 na ukurasa unaosema 8, na mtu atashawishika kujazia viwili. Tumia hii:

```
/safari-za-siku-moja-moshi
```

Kama ile ya zamani imeshasambazwa, ielekeze kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu wa 301. Kisha badilisha namba sehemu tatu kwa mpigo: kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza, na kwenye maandishi ya picha ya juu, ambayo ndiyo hubaki na "10" hata baada ya kila kitu kingine kurekebishwa.